Telefone Yenye Kusikika Upande Mmoja: Yule Hatumuoni Anatujiaje?

Leo ninaleta uhakiki wa kitu kidogo chenye kinaharibu skechi nyingi huku kwetu Masisi na Walikale. Ni sene ya telefone. Mchezaji mmoja anasimama mbele ya watu na simu kwenye sikio, anazungumza na mtu mwenye hatumuoni na hatumusikii. Siye watazamaji tunapaswa kuelewa watu wawili kwa kinywa cha mmoja.

Mara nyingi inafanywa hivi: «Alo? Unasema nini? Unasema mama ameanguka? Unasema mumemupeleka hospitali? Unasema wanaomba dola 50?» Mchezaji anarudilia kila neno kama kasuku. Watu wanapata habari, ndiyo, lakini hakuna mtu duniani anayezungumza vile kwenye telefone. Na kuko ubaya mkubwa zaidi: yule wa upande mwingine amegeuka barua. Hana hasira, hana haya, hana kitu anachoficha. Anasomwa tu.

Mimi ni mwanafunzi wa agronomi, si wa michezo. Nimeingia katika jambo hili juu ya ndizi. Ule ugonjwa wa kunyauka kwa migomba, wenye unaletwa na bakteria, ulionekana Masisi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Masisi ni kati ya pahali pa kwanza pa Kongo pale ulitambulika. Unasafiri kwa panga lenye halikusafishwa, kwa wadudu wenye wanatembelea ua, na kwa miche yenye mtu anamtumia ndugu yake. Hii ya mwisho ndiyo inafungwa kwa mazungumzo ya telefone. Basi ni kawaida mtu kuandika skechi yenye simu ndani.

Nilishaona moja kwenye kilima kimoja cha Masisi. Mwanaume alishika telefone akapiga kelele: «Unasema zote zinakufa? Hata zile ndogo? Unasema zinatoa maji ya njano?» Alirudilia kila kitu, hakuacha hata neno. Kiisha mchezo, wazee wawili walikuwa wanabishana karibu yangu juu ya dawa ya ng'ombe. Masisi ni inchi ya ng'ombe. Ukisema «zote zinakufa, hata zile ndogo», mtu wa pale anaona ndama mbele ya macho. Ng'ombe zinakufa, ndizi zinakufa: kitenzi ni kile kile. Mwandishi alirudilia maneno yote ya yule wa mbali, na jambo lenyewe likapotea.

Tangu siku ile ninashika neno moja: yule hatumusikii haeleweki kwa kurudilia maneno yake. Anaeleweka kwa kile anachotaka, na kile anachotaka kinaonekana kwa namna yule wa mbele yetu anavyokikataa, anavyokikwepa ao anavyokipokea.

Mfano wenye watu wa michezo wanautaja sana ni mchezo wa Mfaransa Jean Cocteau, La Voix humaine, wenye ulichezwa mara ya kwanza mwaka wa 1930 kwenye Comédie-Française, Paris. Kuko mwanamke mmoja katika chumba, na telefone. Anazungumza na mwanaume mwenye anamuacha. Mwanaume hatumusikii hata neno moja mpaka mwisho. Wakati ule telefone ya Paris ilikuwa ya kupita kwa wafanyakazi wa posta, watu wengine walikuwa wanaingia katika laini, na mazungumzo yanakatika.

Angalia vile Cocteau alitumia ule mkato. Laini inakatika. Mwanamke anaomba namba ya nyumba ya yule mwanaume ili aendelee. Anayeitika ni Joseph, mtumishi wa nyumba, na tunaelewa kwa majibu ya mwanamke kama bwana hayuko pale. Kumbe simu ya kwanza haikutoka nyumbani kwake. Kiisha mwanaume anapiga tena, na mazungumzo yanaendelea. Kuanzia pale, kila kimya cha mwanaume kina uzito mwingine, sababu sisi na yule mwanamke tunajua kitu chenye yeye hajui kama tunakijua. Hakuna mtu aliyetangaza mbele yetu: «Kumbe unanidanganya!» Uongo wake tunausikia katika maulizo ya mwanamke. Na mwanamke mwenyewe anadanganya pia. Mwanzoni anajifanya mwenye nguvu, mwenye alikula chakula cha jioni na rafiki. Baadaye anakubali kama alimeza dawa za usingizi. Kila mmoja anataka kitu na anaficha kitu, na kwa sababu hiyo watazamaji wanamuona hata yule mwenye hayuko.

Sasa turudi kwetu. Ninaleta sene moja yenye niliiandika kwa ajili ya ile miche, tuipasue pamoja. Mama mmoja yuko Masisi. Mukwe wake, bwana ya binti yake, yuko Walikale na anataka miche. Shamba la mama limeguswa na ugonjwa. Kwa desturi yetu mama hawezi kumwambia mukwe «hapana» vivi hivi, na mukwe hawezi kumulazimisha mama mukwe. Hapo tayari kuko vita yenye haina kelele.

Hatua ya kwanza, andika pande zote mbili. Usianze na upande mmoja. Mimi niliandika hivi:

— Mama, jambo. Mumeamuka?
— Tumeamuka muzuri, mukwe wangu. Na batoto?
— Biko muzima. Mama, nilikuwa naomba miche ya ndizi, kama makumi ine hivi.
— Makumi ine! Unafungua shamba ao unafungua inchi?
— Shamba tu. Kamyo inatoka kwenu kesho asubuhi. Shofere nilishamulipa.
— Ulishamulipa… Ungeniuliza mbele.
— Nilifikiri kati yetu hakuna shida.
— Hakuna. Mukwe, si kama nakata—
— Ni juu ya ile ng'ombe moja yenye ilibakia?
— Ile ng'ombe, baba yake alishaisahau. Hata leo hakuitaja.
— Sasa ni nini? Ndizi zenu ndizo zilikuwa zinashinda za kilima chote.
— Zilikuwa. Sasa zinaiva mbele ya wakati. Ukipasua moja, ndani iko kama kutu.
— Basi unitumie zile nzuri tu.
— Nzuri ni gani? Ile unaona nzuri leo, kiisha wiki chache inakauka majani.
— (kimya)
— Uko? … Mukwe, uko?
— Na shofere je?
— Shofere aje. Nitamupa maharagi ya kupanda. Ndizi, hapana. Hata moja.

Hatua ya pili, futa maneno ya mukwe yote, usome upande wa mama peke yake. Mahali penye unapotea, rekebisha maneno ya mama, lakini si kwa kumurudishia maneno ya mukwe kinywani. Tuone ni nini kinabaki.

Neno la kwanza, «mukwe wangu», limekwisha kufanya kazi kubwa. Tunajua ni nani, tunajua heshima iko kati yao, na tunajua kama kukataa kutakuwa nguvu. Kwetu namna ya kuita mtu ni kama kadi ya uchaguzi: «mutoto wangu», «shefu», «yaya», «muramu», «mama mukwe», kila moja inaweka mtu kwenye kiti chake. Mwandishi akimpa mama «Alo, Paulo, unaendelea?», amepoteza sene nusu. Na mukazo unaweza kugeuka katikati. Kama mama, mwisho, angeacha «mukwe» na kusema «mutoto wangu», tungejua kama moyo wake umepoa.

«Makumi ine! Unafungua shamba ao unafungua inchi?» Hapa mama amerudilia namba, na ninakubali. Namba na jina la pahali ni vitu vyenye mtazamaji hawezi kukisia. Lakini mama hakuuliza «unasema makumi ine?». Alishangaa. Namba imeingia ndani ya mshangao, na mshangao unatupa pia kitu cha pili: mukwe anaomba kingi kuliko kawaida. Na neno «shamba» linatuambia kama si ng'ombe. Wale wazee wa kile kilima hawangepotea hapa. Kwa sababu hiyo jina la kitu chenyewe liwekwe mapema, mara moja, kinywani mwa yule tunayemsikia, kabla ya «zi» ya kwanza kutoka. Nikicheza hii mbele ya wafugaji, ninaongeza kabisa: «Makumi ine ya miche!»

Kiisha hapo, lugha yetu inatusaidia kuliko Kifaransa. «Ulishamulipa»: ule «mu» unatuambia kama ni mtu, si kitu. Hatujui ni nani, lakini tunajua feza ilitoka na kuko mtu wa tatu katika habari. Tunamubeba yule «mu» mpaka mistari ya mwisho, pale mama anasema «Shofere aje». Mtazamaji anajipatia jibu mwenyewe, na anafurahi kulipata. Lakini angalia: «mu» mmoja anatosha. Ukiweka watu wawili wasiotajwa, «alimupa» na «akamukatalia», hakuna mwenye atafuata. Kwa sene ya dakika mbili, mtu mmoja mwenye hajatajwa ndiyo mpaka.

Sasa mstari wenye ninaupenda zaidi: «Mukwe, si kama nakata—». Mama amekatwa katikati ya neno. Kwetu mukwe hamukati mama mukwe. Mtazamaji wa Masisi ao wa Walikale akisikia ule mkato, anajua kama yule kijana amekasirika, hata bila kusikia sauti yake. Hakuna haja ya kuandika «usipige kelele, mukwe». Swali la nani anamkata nani linaonyesha nguvu iko wapi. Kama mtu wa mbele anakata maneno ya mwenzake kila mara, yule wa mbali ni mdogo. Kama anakatwa, yule wa mbali ni mkubwa, ao ni mdogo mwenye amevuka mpaka.

Kiisha, «Ile ng'ombe, baba yake alishaisahau. Hata leo hakuitaja». Mama hakuuliza «unasema ng'ombe ya mahari?». Alijibu tu. Mtu wa kwetu akisikia mukwe, ng'ombe moja, na baba ya binti katika mstari mmoja, anajua mara moja kama mahari haikumalizika, na mukwe anafikiri ananyimwa miche juu ya deni. Na ule «hata leo hakuitaja» ni mzuri sababu unamusaliti mama: mtu mwenye amesahau kitu kweli hana haja ya kusema kama hakikutajwa leo. Hapo tumesikia watu watatu: mukwe mwenye haya, mama mwenye ustaarabu, na baba mwenye bado anahesabu.

Hatua ya tatu ni vimya. Hapa ndipo michezo mingi inakufa hata kama maneno ni mazuri. Mchezaji anajua maneno yake, anayasema moja nyuma ya lingine, na yule wa mbali anabaki hana nafasi ya kupumua. Dawa yake ni hii: wakati wa repetisyo, mtu mwingine asimame nyuma na aseme maneno ya mukwe kwa sauti ya chini, mazima mazima. Fanyeni hivyo mara tano ao sita. Kiisha anyamaze, na mchezaji aendelee kuyasikia ndani ya kichwa. Uso wake utabadilika pale mukwe anasema jambo, si pale zamu yake ya kusema inafika. Tofauti hiyo mtazamaji anaiona hata kutoka nyuma kabisa.

Kwa urefu wa vimya, mtu akizungumza polepole anatoa kama maneno mawili kwa sekunde moja. Mukwe akisema maneno kumi, ni sekunde tano. Lakini sekunde tano mbele ya watu ni nyingi sana, basi ninapunguza karibu nusu. Muhimu visilingane. Kimya kifupi kwa salamu, kirefu kwa ile habari ya kamyo, hakuna kabisa pale mama anakatwa, na kimoja tu kirefu kupita vyote: pale mama amesema kama hata ile miche yenye inaonekana nzuri itakauka, na mukwe hajibu. Kimya kile kinakuwa jibu kubwa la mukwe, sababu vingine vyote vilikuwa vimejaa maneno yake na hiki kiko bure. Ukiwa na vimya vitatu virefu, hakuna hata kimoja chenye kitasikika.

Kwenye redio hesabu inageuka. Hakuna uso wa kuangalia, na msikilizaji akisikia sekunde nne za kimya anafikiri betri imekwisha. Hapo kimya kiwe na kitu ndani: mvua juu ya mabati, pumzi ya mama, kijiko kinagonga sufuria kiisha kinaacha kugonga. Kile kijiko chenye kinaacha kinafanya kazi ya uso.

Kuko hila moja yenye ni yetu, lakini inatumiwa vibaya: rezo. Kila mtu wa Walikale anajua kupanda kilima kutafuta rezo, basi mwandishi mvivu anaitumia kama ruhusa ya kurudilia: «Rezo ni mbaya, unasema nini? Unasema kamyo ni kesho?» Mara moja katika sene, sawa, hasa kwa jina la pahali. Mara ya pili, ni kasuku tena, amevaa tu koti. Cocteau hakutumia mkato wa laini ili kurudilia habari. Aliutumia ili habari mpya iingie.

Ndiyo maana sene yangu inamalizika kwa mkato. Mama anasema «Hata moja», na laini inakufa. Anaangalia telefone. Alikata, ao ni rezo? Watazamaji hawajui, mama hajui. Anaiweka chini, anachukua panga lake, analipitisha kwenye moto wa jikoni kama vile tunafundisha. Halafu telefone inalia mara moja tu na inanyamaza. Mukwe amebipa. Mtu mwenye amekasirika habipi. Anabipa mwenye unite zimekwisha na bado anataka kuzungumza. Mlio mmoja, bila neno, na mukwe amesema zaidi kuliko katika sene yote. Mama anafungua fundo la kitambaa chake, anahesabu feza kidogo, anamuita mutoto aende kununua unite.

Mpaka wa ufundi huu nao usemwe. Upande mmoja wa telefone unaweza kubeba ombi, hasira, haya, uongo na deni. Hauwezi kubeba fundisho. Namna ya kuvunja ua la mgomba kwa mti wenye panda, namna ya kusafisha panga kwa moto ao kwa javeli, kung'oa ao kukata shina lenye ugonjwa: mambo haya ukiyaweka katika kinywa cha mama kwenye telefone, mukwe anakufa palepale, sababu hakuna mtu anayemusomea mukwe wake somo la agronomi wakati kamyo inangoja. Mwonyeshe mama akifanya, kama lile panga kwenye moto. Ao ungoje mchezo uishe, agronome asimame na mgomba mkononi.

Mwisho, namna ya kujua kama sene yako inasimama. Chukua mtu mwenye hajasoma kitu, umuchezee upande mmoja tu, kiisha umuulize maswali matatu: Yule wa mbali ni nani kwa mama? Alikuwa anataka nini? Na mama aliposema «Uko?», yeye alikuwa anafikiri nini? Akishindwa la kwanza, rekebisha namna ya kuitana. Akishindwa la pili, taja kitu chenyewe mapema zaidi. Akijibu mawili ya kwanza lakini la tatu akasema «sijui, labda rezo», basi umeandika habari vizuri, lakini mtu wa mbali bado hajazaliwa. Rudi kwenye ile karatasi ya pande mbili, uangalie ni pahali gani mukwe anasema kitu bila kutaka kitu. Kosa liko pale.